Makato mawili ya saa nane usiku

Shangazi aliamka kwenda kunywa maji, akaona simu yake inawaka. Ujumbe nne zilikuwa zimeingia zikifuatana. Ya kwanza, saa nane na dakika 11 usiku: kadi yake imelipa 1.00 kwa sarafu ya kigeni. Ya pili, dakika 3 baadaye: 386.40. Ya tatu, dakika 6 baada ya hapo: 386.40 tena. Ya nne ilisema muamala umekataliwa kwa kuwa salio halitoshi. Kadi yenyewe ilikuwa ndani ya pochi, pochi ndani ya kabati, na kabati limefungwa kwa ufunguo aliokuwa nao shingoni.

Naandika kisa hiki kwa kina kwa sababu nimefanya kazi kwa miaka kadhaa kwenye dawati la malalamiko ya kadi, na nimeona watu wengi wakipoteza fedha ambazo zingeweza kurudi. Waliibiwa kweli, na benki nazo si kwamba zilikusudia kuwadhulumu. Tatizo lilikuwa kwamba malalamiko yao yaliandikwa chini ya kichwa kisicho chake, kisha jibu la kwanza la benki likachukuliwa kuwa ndiyo hukumu. Shangazi naye alikuwa njiani kuingia kwenye hesabu hiyo.

Usiku ule alifanya jambo moja zuri sana bila kuelekezwa na mtu. Aliifunga kadi kupitia programu ya benki ya kwenye simu, kisha akapiga simu kituo cha huduma. Aliyepokea alimwambia miamala ile bado "inasubiri", kwa hiyo arudi siku za kazi. Shangazi aliomba namba ya malalamiko, akaiandika nyuma ya kalenda pamoja na saa aliyopiga. Ile namba ilikuja kutusaidia baadaye kuliko karatasi nyingine yoyote, kwa kuwa ilithibitisha kwamba aliripoti ndani ya saa moja, na kwamba kauli yake ya kwanza, iliyorekodiwa, ilikuwa "sijafanya muamala huu".

Neno "inasubiri" huwachanganya watu, acha nilifafanue. Kadi inapotumika mtandaoni, benki yako huulizwa kwanza kama inaidhinisha. Ikikubali, inaweka zuio kwenye salio lako, lakini fedha bado hazijaondoka. Duka hutuma madai ya malipo baadaye, kwa kawaida ndani ya siku chache, na hapo ndipo muamala unapotua rasmi kwenye taarifa ya akaunti. Wakati muamala bado ni zuio, benki haiwezi kufungua dai la kuurudisha kupitia mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, maana hakuna malipo ya kudai. Kwa hiyo mhudumu aliyesema "subiri" hakusema uongo. Kinachoumiza ni pale mteja anapodhani kusubiri huko kunahusu na kufunga kadi pia. Kadi hufungwa dakika ileile. Dai ndilo linalosubiri.

Kile kiasi cha 1.00 hakikutua kamwe. Baada ya siku chache kilitoweka kwenye akaunti, na shangazi alinipigia kwa furaha akidhani wezi wamejuta na kwamba zile nyingine zitafuata. Sivyo. Mtu aliyepata namba za kadi kwa wizi huanza kwa kiasi kidogo kama hicho ili ajue kama kadi iko hai. Akishajua, hana haja ya kukamilisha malipo hayo, na zuio lake hujifuta lenyewe. Malipo mawili ya 386.40 yalitua Jumatatu, yakiwa na ada ya benki ya miamala ya fedha za kigeni juu yake.

Jumanne alikwenda tawini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa upole kabisa. Kijana wa dawatini alimkaribisha vizuri, akamwuliza, "Mama, ulinunua kitu gani?" Shangazi akajibu, "Mwanangu, sikununua kitu, na wala hakuna kitu nilicholetewa." Kijana akaandika kwenye fomu, sehemu ya sababu ya malalamiko: *bidhaa haikufika*. Akamgeuzia fomu asaini. Shangazi akasaini.

Msomaji anaweza kuona kwamba hayo ni maneno tu. Kwa mtu wa dawati la kadi, ni mashauri mawili tofauti kabisa. Mitandao ya kadi hugawa madai kwa sababu, na kila sababu ina kanuni zake, ushahidi wake na majibu yake. Kwenye Visa, kwa mfano, bidhaa isiyofika iko chini ya namba 13.1, na hilo ni shauri la mnunuzi na muuzaji: mteja anakiri kwamba alinunua, anachobisha ni kwamba hakuletewa. Muamala wa mtandaoni ambao mwenye kadi hakuuidhinisha uko chini ya namba 10.4, na humo mteja anasema kwamba yeye hakuwepo kabisa katika biashara hiyo. Mastercard nayo ina namba yake ya mwenye kadi kutoidhinisha, 4837. Ukishaandika "haikufika", duka linachohitaji ni kuonyesha kwamba lilipeleka. Na duka hili lilikuwa likiuza vocha za kidijitali ambazo hutumwa kwa barua pepe ndani ya sekunde. Kuonyesha kwamba zilifika ni kazi ya dakika moja, hata kama zilifika kwa mwizi.

Siku 42 baada ya makato, barua ya benki ilifika. Ilikuwa na aya moja yenye uzito: uchunguzi umekamilika, muamala ulifanyika kwa kutumia taarifa sahihi za kadi pamoja na tarakimu 3 za nyuma ya kadi, mfanyabiashara amethibitisha kuwa bidhaa zilipelekwa, kwa hiyo benki haina namna ya kurejesha fedha. Shangazi alikuja kwangu na barua hiyo akiwa ameikunja mara nne. Aliniambia, "Basi, mwanangu. Wamesema wamechunguza."

Niliisoma mara mbili, na nilichotafuta hakikuwemo. Barua haikutaja ni lini benki ilifungua dai kwenye mtandao wa kadi, wala chini ya sababu ipi, wala haikuwa na namba ya dai hilo. Hiyo ni dalili ambayo kila mlalamikaji anaweza kuiangalia mwenyewe. Benki ambayo kweli imepambania fedha za mteja huwa na tarehe na namba za kuonyesha. Benki iliyoandika tu kuuliza upande wa duka, ikajibiwa, ikafunga jalada, haina. Na kama dai halijafunguliwa, basi nafasi ya kulifungua ipo bado, mradi muda haujaisha. Kwa madai ya wizi kwenye Visa muda wa kawaida ni siku 120 tangu muamala uchakatwe, na Mastercard ni siku 120 pia. Tulikuwa siku ya 42. Shangazi alikuwa hajui kwamba kuna saa inayohesabu, na hakuna aliyemwambia.

Kabla ya kuandika lolote nilimwuliza maswali ambayo hakuyapenda. Kuna mtu mwingine nyumbani aliyewahi kutumia kadi hii? Mjukuu hajawahi kununua mchezo wa simu? Jina lililo kwenye taarifa ya akaunti si la kampuni mama ya duka ambalo amewahi kulitumia? Si kwamba nilimshuku. Majina ya kwenye taarifa mara nyingi hayafanani na jina la duka, na tangu Aprili 2023 kanuni za Visa zinaruhusu duka kujitetea dhidi ya dai la 10.4 kwa kuonyesha miamala 2 ya zamani isiyolalamikiwa ya kadi hiyohiyo, yenye umri wa siku 120 hadi 365, iliyofanywa kwenye duka hilohilo na inayolingana na muamala unaobishaniwa kwa kifaa au anwani ya mtandao, pamoja na taarifa nyingine moja. Mtu akidai wizi na baadaye ikaonekana mjukuu wake alinunua hapohapo mwaka jana, dai linaanguka, na imani ya benki kwake inaanguka nalo. Tulipitia taarifa za miezi 14 mstari kwa mstari. Jina lile halikuwemo hata mara moja.

Kisha nilimwomba simu yake. Nilitaka kuona ujumbe zote za usiku ule, na hasa kama kulikuwa na OTP, ile namba ya uthibitisho ambayo benki hutuma kabla ya malipo ya mtandaoni kupita. Hapakuwa na hata moja. Zilikuwepo za miezi iliyopita, wakati alipolipia tiketi, kwa hiyo tulijua hakuwa na mazoea ya kuzifuta. Laini yake pia ilikuwa hewani usiku wote, ujumbe za makato zenyewe ni ushahidi, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kufikiria kwamba mtu amesajili upya laini yake.

Tuliandika makao makuu. Hatukurudi tawini, kwa kuwa tawi lilikuwa limeshamaliza kazi yake na halikuwa na uwezo wa kubadili uamuzi. Barua ilielekezwa kwa mkuu wa idara ya malalamiko ya wateja, nakala kwa idara ya kadi. Naiweka hapa karibu kama ilivyokuwa, nikiondoa majina na namba:

*Kuhusu: Rufaa dhidi ya kufungwa kwa malalamiko namba … na ombi la kurejeshewa miamala 2 ambayo sikuiidhinisha*

*Mimi ni mwenye akaunti na kadi inayoishia na tarakimu … Tarehe … kati ya saa 8:14 na 8:20 usiku, kadi yangu ilikatwa 386.40 mara mbili kwenda kwa mfanyabiashara anayeonekana kwenye taarifa ya akaunti kwa jina … Sikufanya miamala hii, sikumruhusu mtu kuifanya, na sijawahi kufanya biashara na mfanyabiashara huyo. Kadi ilikuwa mikononi mwangu. Niliifunga na kuripoti kwa simu usiku uleule, namba ya malalamiko …, na nilisema tangu simu hiyo ya kwanza kwamba sijafanya muamala.*

*Fomu niliyosaini tawini tarehe … imeandikwa "bidhaa haikufika". Fomu ilijazwa na mhudumu, nami nikaisaini bila kuona tofauti. Narekebisha: lalamiko langu si kuhusu bidhaa. Lalamiko langu ni kwamba mwenye kadi hakuidhinisha muamala.*

*Naomba yafuatayo kwa maandishi. Kwanza, lalamiko liandikwe upya chini ya sababu iliyo sahihi na dai lifunguliwe kwenye mtandao wa kadi kabla ya siku 120 kuisha. Pili, nielezwe kama dai lolote limewahi kufunguliwa, lini, na chini ya sababu ipi. Tatu, kwa kila muamala, nipewe ARN, thamani ya ECI, na matokeo ya uthibitisho wa 3-D Secure. Na kama benki inadai OTP ilitumwa, nionyeshwe ilitumwa saa ngapi na kwa namba ipi. Nne, nirejeshewe pamoja na ada za fedha za kigeni zilizokatwa juu ya miamala hiyo.*

Tuliambatisha picha za skrini za ujumbe nne, kurasa za taarifa ya akaunti, nakala ya fomu na nakala ya barua ya kukataa. Tuliituma kwa barua pepe, na nakala ya karatasi tukaipeleka kwa mkono ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ilikuwa siku ya 45.

Ombi la tatu ndilo kiini cha barua, na ningependa kulieleza polepole. ARN ni namba ya tarakimu 23 ambayo muamala hupewa na benki ya duka wakati wa kudai malipo. Ndiyo inayomwezesha mtu yeyote katika mnyororo kuupata muamala uleule bila kubahatisha. 3-D Secure ni mfumo ambao duka huutumia kuiomba benki ya mteja ithibitishe kwamba anayelipa mtandaoni ndiye mwenye kadi. ECI ni tarakimu mbili zinazosafiri na muamala wa mtandaoni na kueleza uthibitisho huo ulifikia wapi. Kwa Visa, 05 maana yake mwenye kadi amethibitishwa, 06 maana yake duka lilijaribu kuthibitisha lakini halikukamilisha, na 07 maana yake uthibitisho haukufanyika. Kwa Mastercard ngazi hizohizo ni 02, 01 na 00.

Tarakimu hizo ndizo huamua nani anabeba hasara. Muamala ukiwa 07 na mwenye kadi akasema hakuidhinisha, hasara kwa kawaida ni ya duka, na benki ya mteja ina haki ya kudai fedha zirudi. Muamala ukiwa 05, mzigo huhamia kwa benki ya mteja yenyewe, kwa sababu duka lilifanya lililotakiwa: liliomba benki ithibitishe, na benki ikasema sawa. Hapo benki haiwezi kumdai duka kwa sababu ya wizi. Na hapo ndipo benki nyingi husema "muamala ulithibitishwa" na kumaliza mazungumzo, kana kwamba kushindwa kwao kumdai duka kunamaanisha mteja ndiye aliyeidhinisha. Hayo ni mambo mawili, na nimewaona hata wafanyakazi wazuri wakiyachanganya.

Jibu la makao makuu lilikuja siku ya 59. Lilikuwa jibu la heshima, lililoandikwa na mtu anayejua kazi yake. Lilikiri kwamba dai halikuwahi kufunguliwa. Kilichofanyika ni kuulizia tu. Lilitaja kwamba muamala wa kwanza wa 386.40 ulikuwa na ECI 07, kwa hiyo dai limefunguliwa sasa chini ya 10.4, na kiasi hicho kimewekwa kwenye akaunti kwa muda. Muamala wa pili ulikuwa na ECI 05. Kuhusu huo, benki ilisema, "ulithibitishwa na mteja kupitia 3-D Secure", na ombi limekataliwa.

Shangazi aliridhika. Nusu ya fedha ilikuwa imerudi, na alikuwa amechoka. Nilimwomba tuandike mara moja tu zaidi, kwa kuwa neno "na mteja" katika sentensi ile lilinisumbua. Duka lilelile, kiasi kilekile, dakika 6 baadaye, na simu haina OTP hata moja. Kwamba muamala mmoja uwe 07 na mwingine 05 si ajabu yenyewe. Maduka mengi huomba uthibitisho pale tu mifumo yao inaposhtuka, na ununuzi wa pili unaofanana na wa kwanza ndani ya dakika chache ni wa kushtua. Ajabu ni kusema mteja alithibitisha wakati mteja hakuulizwa.

Katika toleo la sasa la 3-D Secure, uthibitisho una njia mbili. Njia moja benki humwuliza mwenye kadi: hutuma OTP, au hutuma ombi ndani ya programu yake abonyeze kukubali. Kwenye kumbukumbu, jibu la kwanza la mfumo wa benki huwa `C`, yaani mteja aulizwe kwanza. Njia ya pili mfumo wa benki huangalia taarifa zilizokuja na muamala, kifaa, mahali, historia, kisha huamua peke yake kwamba hatari ni ndogo na kujibu `Y` papo hapo. Mteja haulizwi chochote, wala simu yake hailii. Muamala unatoka na ECI 05 vilevile. Yeyote anayeangalia ECI peke yake hawezi kujua ni njia gani ilitumika.

Barua ya pili ilikuwa na aya mbili tu. Tuliuliza: katika muamala wa pili, je, mfumo wa benki ulijibu `C` au `Y`? Kama ni `C`, tuonyeshwe kumbukumbu ya OTP iliyotumwa na saa iliyoingizwa. Kama ni `Y`, basi aliyethibitisha ni mfumo wa benki, mteja hakushiriki, na tunaomba benki irejeshe kiasi hicho kutoka kwenye fedha zake yenyewe, kwa kuwa hasara ilitokana na uamuzi wake. Hatukutumia neno kali hata moja. Tuliipeleka siku ya 63.

Siku ya 78 alipigiwa simu na ofisa wa makao makuu, mama mtu mzima kwa sauti yake. Alimsalimia vizuri, akamwuliza kama aliwahi kumpa mtu namba ya kadi, kama aliwahi kupigiwa simu na mtu aliyejifanya mfanyakazi wa benki, kama aliwahi kubonyeza kiungo cha kifurushi kilichokwama. Shangazi alijibu ukweli: hapana, ila miezi kadhaa nyuma aliwahi kulipia tiketi kwenye tovuti ambayo hakuwa na uhakika nayo. Nilikuwa nimemwambia mapema asifiche hilo. Namba za kadi kuvuja kwenye tovuti si kosa la kuidhinisha muamala, na kulificha kungemfanya aonekane anaficha kingine. Ofisa akasema kumbukumbu inaonyesha `Y`, hakuna OTP iliyotumwa. Hakueleza kwa nini mfumo wao uliona hatari ni ndogo saa nane usiku. Alisema kiasi kitarejeshwa.

Lazima niseme wazi kwamba kisa kingekuwa kigumu zaidi kama kumbukumbu ingesema `C` na shangazi angekuwa amemsomea mtu OTP kwenye simu. Hapo swali hugeuka: je, kutoa namba ile kulikuwa uzembe, au alidanganywa kwa namna ambayo mtu wa kawaida angedanganyika? Jibu hutegemea sheria ya nchi na masharti ya akaunti. Kwa hao ningeshauri waseme ukweli wote kwa mpangilio wa saa, na wadai benki ieleze kwa nini mfumo wake haukushtuka, lakini nisingewaahidi kitu. Upande wa sheria, mahali pengine jambo limeandikwa kwa uwazi: agizo la huduma za malipo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015, kifungu cha 72, linasema kwamba kumbukumbu ya kutumika kwa chombo cha malipo peke yake si lazima itoshe kuthibitisha kwamba mteja aliidhinisha. Inafaa mtu atafute kama sheria ya kwao ina maneno ya namna hiyo, na ayanukuu kwenye barua.

Na kama fedha zimeondoka kwenye akaunti ya simu badala ya kadi, barua hii haitoshi kama ilivyo. Huko hakuna benki ya duka, hakuna siku 120, hakuna 10.4. Fedha huenda kwenye akaunti ya mtu mwingine na zinaweza kutolewa taslimu ndani ya dakika chache, kwa hiyo ombi la kwanza ni kuzuia akaunti iliyopokea, ukitaja namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, dakika ileile unapogundua. Kama simu yako ilipoteza mtandao ghafla kabla ya makato, mwulize mtoa huduma wa laini: laini hii ilisajiliwa upya lini, wapi, na kwa kitambulisho kipi? Jibu la maandishi la swali hilo ndilo linalochukua nafasi ya ECI. Na kama benki imeunganishwa na akaunti hiyo ya simu, andika kote kuwili siku moja, kwa sababu kila upande hupenda kukuelekeza kwa mwenzake.

Kuhusu ile fedha ya "muda", nilimwomba shangazi asiiguse. Kurejeshewa kwa muda si kurejeshewa. Duka kupitia benki yake lina nafasi ya kujibu, kwa Visa ni siku 30, na likijibu kwa ushahidi wenye nguvu benki inaweza kuichukua tena. Nimeona watu wakilipa madeni kwa fedha hizo kisha akaunti zikawa na salio hasi mwezi uliofuata. Shangazi aliihamishia kwenye akaunti yake nyingine ya benki ileile, akaiacha hapo. Kila Ijumaa alinipigia kuuliza kama siku 30 zimetimia.

Kiasi cha pili kiliingia siku ya 84. Kwa kuwa kilitoka kwa benki yenyewe, hakikuwa na masharti. Ada za fedha za kigeni zilirudi pamoja nacho, zote mbili, ingawa kwa ile ya kwanza ilibidi tukumbushe kwa barua pepe, kwa kuwa dai la mtandao wa kadi hurudisha bei ya muamala tu. Ada ya benki ni ya benki kuirudisha. Thamani ya sarafu ilikuwa imebadilika kidogo kati ya siku ya makato na siku ya marejesho, na alipungukiwa na kiasi kidogo. Tulikiuliza. Benki ilijibu kwamba marejesho hufanywa kwa kiwango cha siku yanapotua. Tungeweza kuendelea kubishana, lakini shangazi akasema inatosha.

Siku ya 93 barua ya mwisho ilifika: duka halikujibu dai, kiasi cha kwanza kimekuwa cha kudumu, jalada limefungwa. Safari hii barua ilikuwa na tarehe ya dai, sababu, na ARN ya tarakimu 23. Shangazi aliweka kidole chini ya ile namba akaisoma yote kwa sauti, tarakimu moja moja, kisha akaichukua kadi mpya kutoka kwenye bahasha na kuniuliza namna ya kuzima malipo ya mtandaoni hadi atakapoyahitaji mwenyewe.